Maganda ya Muhogo

Bibi yangu wa Kilwa Masoko husema mbuzi wa Kilwa wamekula maganda ya muhogo tangu enzi za masultani. Nasoma shahada ya uzamili ya historia, nikajua kauli hiyo haiwezi kuwa kweli, lakini nilinyamaza. Heshima.

Mwaka 1505, kundi la merikebu za Francisco d'Almeida lilipouvamia mji wa Kilwa Kisiwani, aliyeandika habari za safari ile alitaja mbuzi, kondoo na ng'ombe walionona. Muhogo asingeweza kuutaja. Asili yake ni Amerika ya Kusini, na ulifika pwani yetu baadaye, kupitia Wareno wenyewe. Mbuzi wa masultani walikula mabaki ya mtama na mpunga.

Kwa bibi, mbuzi watatu wanaishi kwenye banda la kichanja nyuma ya jiko, kwa sababu kiwanja hakina nafasi ya malisho. Mmoja, chotara wa mbuzi wa maziwa, ndiye aliyekuwa akinywesha wadogo zangu chai ya maziwa. Jikoni hutoka maganda ya muhogo kila siku, nasi tulimpa.

Siku moja tulimenya muhogo mchungu wa kusaga unga, ndoo nzima, nikammwagia maganda mabichi. Haikupita saa moja. Alianza kuhema kwa nguvu, akatetemeka, akapepesuka, akaanguka. Fizi zake zilikuwa nyekundu kupita kawaida. Akafa kabla mtu hajafika.

Mganga wa mifugo alitueleza baadaye: muhogo una sumu ya sianidi, na katika ganda ni nyingi kuliko katika nyama yake. Mwili unashindwa kutumia hewa iliyomo kwenye damu, ndiyo maana damu hubaki nyekundu sana. Ukizoea muhogo mtamu, unasahau kwamba kuna mchungu.

Sasa bibi huyakatakata maganda, huyarundika kivulini usiku mmoja sumu ianze kutoka, kisha huyaanika juani siku mbili tatu mpaka yavunjike mkononi. Hata hivyo hayazidi theluthi moja ya chakula cha mbuzi. Sehemu kubwa ni majani ya mlusina na majani ya viazi vitamu, maana ganda ni wanga mtupu, na maziwa yanataka protini.

Akina bibi wa pwani walijua kuloweka na kuanika muhogo kwa ajili ya binadamu. Ujuzi huo ulirithishwa kizazi kwa kizazi. Hakuna aliyetukumbusha kwamba na mbuzi pia anauhitaji.

Nilipomweleza bibi habari za 1505, alifikiri kidogo. "Basi, mjukuu wangu," akasema, "mbuzi wa masultani walikuwa na bahati."