Eritema: wekundu usioonekana mwekundu

Miongozo mingi ya afya humwambia mhudumu aangalie kama ngozi ni nyekundu, imevimba, ina joto na inauma. Dalili hizo nne ni za kale sana. Aulus Cornelius Celsus, mwandishi wa Kirumi wa karne ya 1, alizitaja zikiwa alama za inflamesheni, yaani hali ya mwili kuchachamaa unapopambana na kidonda, kiini cha ugonjwa au kitu kinachouchokoza. Wekundu ndio alioutanguliza. Madaktari waliuita eritema, neno linalotokana na jina la Kigiriki la rangi nyekundu, na vitabu vyetu vikalitafsiri kuwa "wekundu wa ngozi".

Kikamusi, tafsiri hiyo haina kosa. Tatizo lake ni kwamba inataja rangi aliyoiona mtu aliyetazama ngozi nyeupe, wala haitaji kile kinachotokea ndani ya ngozi. Kinachotokea ni kimoja kwa watu wote: mishipa midogo sana ya damu iliyo karibu na uso wa ngozi hutanuka, damu ikajaa mahali pale. Rangi inayolifikia jicho ndiyo isiyofanana. Kwa mtu mweupe huwa ya waridi au nyekundu. Kwa mtu wa maji ya kunde huweza kuwa nyekundu iliyofifia inayoelekea kahawia. Kwa mtu mweusi huwa ya zambarau, kijivu, au kahawia iliyokoza kuliko ngozi ya pembeni, na pengine tofauti haionekani kabisa.

Sababu iko katika safari ya mwanga. Hemoglobini ya damu hunyonya mwanga wa buluu na wa kijani, ikaurudisha zaidi ule mwekundu, na ndiyo maana damu ni nyekundu. Lakini mishipa hiyo haiko juu kabisa. Juu yake kuna tabaka la nje la ngozi, na humo ndimo ilimo melanini, rangi asilia inayotupa weusi wetu. Mwanga hupita kwenye melanini ukienda kwenye damu, kisha hupita humo tena ukirudi kwenye jicho. Melanini hunyonya mwanga wa kila rangi, hasa wa buluu na wa kijani, na hupunguza hata ule mwekundu. Kwenye ngozi nyeupe, damu ikijaa, mwanga wa kijani hushuka ghafla huku mwekundu ukibaki mwingi, na jicho huuona wekundu mara moja. Kwenye ngozi nyeusi mwanga wa kijani ulikuwa mdogo tangu mwanzo, hivyo damu haipati kikubwa cha kupunguza. Mahali pale huzidi kuwa peusi kidogo, kwa rangi inayoelekea zambarau.

Kijivu kina vyanzo vyake. Magamba madogo makavu juu ya ngozi iliyochachamaa hutawanya mwanga na kuifanya ionekane kama imepakwa majivu. Tena inflamesheni ikiharibu mpaka kati ya tabaka la juu na la chini, chembe za melanini hudondokea chini, na melanini iliyoko chini huonekana ya kijivu yenye ubuluu. Madoa ya aina hii huweza kubaki kwa miezi mingi baada ya ugonjwa wenyewe kutulia.

Mpaka hapa nimezungumzia jicho. Picha huongeza matatizo yake, na siku hizi picha ndiyo anayoiona mtaalamu kwanza, kwa sababu mzazi au mhudumu wa zahanati huituma kwa simu kabla ya kusafiri na mgonjwa. Kamera ya simu haipokei rangi tu na kuihifadhi. Hukisia. Kwanza hukisia ni mwanga kiasi gani uingie, kwa kulenga wastani wa mwangaza wa picha nzima. Mtoto mweusi akilazwa kwenye shuka jeupe, kamera huona weupe umezidi, hupunguza mwanga, na mguu hutoka mweusi kiasi kwamba zambarau na kahawia haviachani tena. Pili hukisia rangi ya mwanga uliopo, ili kitu cheupe kitoke cheupe chini ya jua na chini ya taa. Njia moja ya zamani ya kukisia ni kudhani kwamba rangi zote za picha zikichanganywa zitatoa kijivu. Sasa sogeza simu mpaka fremu yote ijae ngozi ya kahawia. Kamera inayofuata dhana hiyo hudhani kwamba ukahawia umetoka kwenye taa, hivyo huongeza ubuluu ili kuuondoa. Ule wekundu mdogo uliosalia hufutwa na hesabu ya simu, na ngozi hutoka ya kijivu kuliko ilivyo. Tatu ni mbano wa picha. Programu za ujumbe hupunguza ukubwa wa faili, na mbinu ya kawaida ya mbano hutunza mwangaza kwa makini kuliko rangi. Tofauti ndogo ya rangi kati ya ngozi nzima na ngozi iliyochachamaa, ambayo ndiyo dalili yenyewe, huwa miongoni mwa vitu vya kwanza kupotea.

Madhara yake yanaweza kupimwa kwa tarakimu, na pumu ya ngozi inaonyesha vizuri. Wataalamu hukadiria ukali wake kwa kipimo kiitwacho EASI. Mwili hugawanywa sehemu nne, na kila sehemu hupewa alama 0 hadi 3 kwa dalili nne: wekundu, uvimbe, michubuko ya kujikuna, na unene wa ngozi ambao mistari yake imekolea. Jumla ya alama huzidishwa kwa alama ya eneo lililoathirika, kisha kwa uzito wa sehemu ile ya mwili. Sehemu zote nne zikijumlishwa, matokeo kati ya 7.1 na 21 huitwa ugonjwa wa wastani. Kuanzia 21.1 huitwa mkali.

Hebu tufanye hesabu ya mfano. Mtoto ana miaka 10, na ili tusijichoshe tuseme ugonjwa umeenea sawasawa mwilini, ukifunika kama thuluthi moja ya kila sehemu. Eneo la kiasi hicho hupewa alama 3. Uzito wa sehemu zote ukijumlishwa ni 1, na kwa kuwa sehemu zote zinalingana, hesabu moja inatosha. Wekundu wake halisi ni 3, uvimbe 2, michubuko 2, unene 1. Jumla ni 8, mara 3 ni 24: ugonjwa mkali. Anayeangalia picha yenye giza haoni wekundu huo. Anaona ukahawia kidogo, anaandika 1. Jumla inakuwa 6, mara 3 ni 18, na mtoto yuleyule sasa ana ugonjwa wa wastani. Waandaaji wa kipimo wanaijua kasoro hii, na mwongozo wake unamruhusu mpimaji kupandisha alama ya wekundu daraja moja pale ngozi nyeusi inapomzuia kuona. Tukifuata ruhusa hiyo, 1 inakuwa 2, jumla 7, mara 3 ni 21. Bado ni wastani. Marekebisho yenyewe hayakumfikisha mtoto huyu kwenye dawa za daraja analolihitaji.

Jambo hili halikuishia kwenye hesabu za kukisia. Mwaka 2002 Ben-Gashir na Hay walichapisha utafiti wa watoto wenye pumu ya ngozi, weusi na weupe. Alama zilipochukuliwa kama zilivyo, tofauti kati ya makundi mawili haikujitokeza. Waliporekebisha hesabu kwa kuzingatia alama ya wekundu, watoto weusi walionekana kuwa na uwezekano wa kuwa na ugonjwa mkali karibu mara sita ya wenzao weupe. Watoto wale walikuwa wameonwa ana kwa ana. Aliye na picha peke yake amenyang'anywa hata mkono wa kugusia.

Na mkono ndio unaotatua swali gumu zaidi: je, hii kahawia iliyokoza ni inflamesheni inayoendelea, au ni doa lililobaki baada ya inflamesheni kwisha? Katika picha vitu hivi viwili vinaweza kufanana kabisa, ilhali cha kwanza kinahitaji tiba na cha pili mara nyingi kinahitaji muda. Weka mgongo wa mkono mahali pale, halafu mahali hapohapo kwenye kiungo cha upande wa pili. Palipochachamaa pana joto zaidi. Pitisha ncha za vidole ukiwa umefumba macho: palipochachamaa pameinuka, pamekaza au panakwaruza, na mgonjwa hujikuna au hushtuka kwa maumivu. Doa lililobaki ni tambarare, halina joto, haliumi. Mambo haya yaandikwe chini ya picha inapotumwa, kwa sababu mengi yake kamera ya simu ya kawaida haiyanasi.

Picha nayo inaweza kuboreshwa bila gharama. Mgonjwa akae kivulini karibu na mlango au dirisha mchana, mbali na turubai la buluu na chandarua cha rangi, kwa kuwa mwanga unaopita humo hubeba rangi yake hadi kwenye ngozi. Chini ya kiungo tandika kitambaa cha kijivu au kaki. Khanga nyekundu na shuka jeupe viwekwe kando. Zima mmweko, maana ngozi yenye mafuta huurudisha kama kioo. Zima pia kipengele cha kulainisha sura. Gusa skrini juu ya ngozi yenyewe ili kamera ipime mwanga wa pale. Piga kwanza kutoka mbali, ngozi nzima na iliyoathirika zikiwa pamoja, kisha karibu, kisha kiungo cha upande wa pili. Moja ipigwe mwanga ukitokea ubavuni: kivuli chake kitaonyesha uvimbe hata pale rangi inaposhindwa. Mwisho, itume kama faili la waraka, isibanwe njiani. Hata hivyo picha iliyopigwa vizuri mno haitaigeuza melanini kuwa kioo, na isipoonyesha wekundu, hiyo si hoja ya kwamba inflamesheni haipo.

Kwa hiyo nashauri tutenganishe maneno mawili. "Eritema" libaki kuwa jina la tukio, yaani kujaa kwa damu katika mishipa midogo ya uso wa ngozi. "Wekundu" liwe jina la rangi moja tu kati ya zile ambazo tukio hilo huweza kuvaa. Anayeandika ripoti ataje rangi anayoiona: zambarau, kijivu, kahawia iliyokoza, nyekundu. Asiandike "hakuna wekundu" akaishia hapo.

Nanyi mnaotafsiri miongozo ya wahudumu wa afya ya jamii, pale penye "angalia kama ngozi ni nyekundu" naomba muandike hivi: "Linganisha na ngozi ya pembeni na ya upande wa pili. Je, rangi imebadilika kuwa nyekundu, ya zambarau, ya kijivu au kahawia iliyokoza? Gusa: pana joto, pamevimba, panauma?"