Maziwa ya Bonde la Ufa: umbo na kina chake

Maziwa ya Bonde la Ufa ni maziwa yaliyojaa katika mabonde ambako ganda la dunia limepasuka na kudidimia, kuanzia Ethiopia hadi Msumbiji. Mengi ni marefu na membamba. Sifa ya kina kirefu imetokana hasa na maziwa mawili, Tanganyika na Nyasa, na haiyafai yote. Manyara na Eyasi, yaliyo pande mbili za Karatu, ni maziwa ya ufa kwa kila hali, ila sehemu kubwa ya maji yake haifiki kimo cha mtu mzima, na kiangazi kikikaza huacha nyuma uwanda mweupe wa magadi. Umbo la ziwa la ufa na kina chake vina asili mbili tofauti, na Karatu ni mahali ambapo tofauti hiyo huonekana wazi.

Tuanze na umbo. Bamba la Somalia, upande wa mashariki, linaachana na sehemu kubwa ya Afrika kwa milimita chache kila mwaka. Miamba inayovutwa hivyo hukatika kwa mistari inayokingama mvuto wenyewe, na kipande kilicho kando ya mkato hudidimia. Upana wa kipande hicho hutegemea unene wa miamba migumu inayokatika, ndiyo maana mabonde mengi ya ufa yana upana wa makumi machache tu ya kilomita. Urefu hauna kizuizi hicho, kwa kuwa nyufa jirani hukua na kuungana ncha kwa ncha. Ziwa Tanganyika lina urefu wa kilomita 670 hivi na upana wa wastani wa kilomita 50. Ziwa Viktoria, lililokaa katika beseni pana kati ya mikono miwili ya ufa, halikuzaliwa na mpasuko. Ni pana kuliko yote barani, lakini kina chake ni mita 80 hivi tu.

Picha inayochorwa mara nyingi vitabuni, ya sakafu iliyozama sawasawa katikati ya kuta mbili, hupotosha. Kwa kawaida ukuta mkubwa huwa mmoja. Sakafu huinamia upande huo kama meza iliyovunjika mguu, na upande wa pili ardhi hupanda polepole. Msafiri anayetoka Makuyuni kwenda Karatu huyaona yote mawili: nchi inateremka taratibu hadi Mto wa Mbu, kisha barabara inapanda ghafla ukuta wa magharibi wa Manyara, ambao sehemu za juu zaidi hufikia mita 600 hivi juu ya ziwa. Huko Eyasi ukuta uko kaskazini-magharibi, na upande wa kusini-mashariki ndio wenye mteremko mpole. Karatu yenyewe imekaa juu, katikati ya madidimio hayo mawili. Katika Ziwa Tanganyika kuta kubwa hupokezana, sehemu moja ikiwa upande wa Kongo na inayofuata upande wa Tanzania. Jambo hilo lilithibitishwa miaka ya 1980, pale watafiti wa Mradi wa PROBE walipopima tabaka za chini ya ziwa kwa mawimbi ya sauti.

Kina ni hesabu nyingine: kasi ya sakafu kuzama, ukitoa kasi ya shimo kujazwa. Tuchukue mfano wa kukadiria. Sakafu ikizama nusu milimita kwa mwaka, baada ya miaka milioni moja itakuwa imeshuka mita 500. Lakini tope, mchanga na majivu vikiingia kwa kasi hiyohiyo, ziwa halitaongezeka kina hata kidogo, ingawa shimo la miamba chini yake limekuwa refu kweli.

Hicho ndicho kinachoonekana Rukwa, jirani wa Tanganyika. Ziwa Rukwa liko katika mkono uleule wa magharibi, nalo ni refu na jembamba, lakini lina mita chache tu za maji. Chini ya tope lake kuna mashapo yenye unene wa kilomita kadhaa. Bonde lilizama sana, ila lilijazwa. Tanganyika nayo ina mashapo ya kilomita kadhaa, na bado imebakiwa na mita 1,470 za maji pale palipo na kina zaidi. Uso wake uko mita 770 hivi juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo kitako chake kiko mita 700 chini ya bahari. Ni Baikal pekee, ziwa la ufa la Siberia, linaloipita kwa kina. Tanganyika imefaidika na umri wa mamilioni ya miaka na nyufa zilizoteremka sana. Aidha, kingo za ufa zimeinuka, hivyo mito mingi ya juu huteremkia upande wa pili, mbali na ziwa, na ile inayoshuka ukutani huwa mifupi. Mito mikubwa kama Malagarasi na Ruzizi ni michache.

Manyara na Eyasi hazikupata nafasi hiyo. Kukatika kukubwa kwa ukanda wa Natron na Manyara kunakadiriwa kuwa kulitokea miaka milioni 1.2 hivi iliyopita, umri mdogo kwa ufa. Zaidi ya hayo, nyanda za juu za Ngorongoro ni rundo la volkano zilizomwaga lava na majivu katika mabonde jirani, na mvua huendelea kuteremsha udongo kutoka miteremko inayolimwa. Hali ya hewa inamalizia kazi. Maziwa haya hayana mto wa kutoka, na jua hukausha maji mengi kuliko mvua inayonyesha juu yake, kwa hiyo shimo halijai hadi ukingoni na chumvi hubaki. Chemchemi za Oldeani hunywesha mashamba ya vitunguu ya Mang'ola, lakini maji yakishaingia Eyasi hayamfai mkulima tena.

Kiasi cha maji hubadilika upesi kuliko shimo. Kilima cha Minjingu, mashariki mwa Manyara, kiliwahi kuwa kisiwa wakati ziwa lilipokuwa kubwa zaidi. Fosfati inayochimbwa hapo kwa mbolea imetokana na vinyesi vya ndege na mabaki ya samaki wa enzi hizo. Bonde lilikuwa hilihili. Kilichopungua ni maji.

Wageni wengi huliweka ziwa la Magadi, lililo ndani ya Ngorongoro, katika kundi hili. Si la kundi hilo. Ngorongoro ni kaldera: volkano iliyoporomoka ndani baada ya kumwaga zaha yake, zaidi ya miaka milioni mbili iliyopita, ikaacha duara lenye kuta za mita 600 hivi na sakafu ya kilomita za mraba 260 hivi. Maji ya ziwa hilo ni ya kina kifupi na ya magadi, kama ya Manyara. Empakaai, kaskazini-mashariki mwake, ni kaldera ndogo zaidi, na ziwa lake ni la duara, lina upana wa kilomita chache tu, na kina chake kinayapita mbali Manyara na Eyasi. Mpasuko wa dunia ulifungulia zaha njia ya kupanda, lakini duara la Empakaai lilitokana na paa la volkano kuanguka.