Kirejelewa cha kiwakilishi
Kirejelewa ni nomino iliyotangulia ambayo kiwakilishi husimama badala yake. Katika Kiswahili hutafutwa kwanza kwa upatanisho wa ngeli. Chukua sentensi "Mwalimu alimwonyesha mwanafunzi kitabu chenye ramani alichokinunua jana". Viambishi -cho- na -ki- vinarejelea kitabu, ingawa ramani ndiyo iliyo karibu zaidi. Ingekuwa ramani, kitenzi kingekuwa "aliyoinunua". Utata umo katika a-: nani alinunua? Mwalimu na mwanafunzi wote ni wa ngeli ya A-WA, hivyo upatanisho hauamui. Muktadha usipotosha, nomino hurudiwa: "ambacho mwanafunzi alikinunua jana". Umbo la nomino nalo hupotosha: kifaru na kiongozi, licha ya ki- yao, hurejelewa kwa a-.