Malipo ya mwisho wa ajira (Tanzania)

Stahiki anazolipwa mfanyakazi anapoacha au kuachishwa kazi, chini ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004: mshahara wa siku alizofanya kazi, posho anazodai, likizo aliyolimbikiza na, mwajiri asipompa notisi, mshahara wa kipindi hicho. Kwa anayelipwa kwa mwezi, notisi haipungui siku 28.

Ugomvi mwingi huzuka kwenye likizo. Kila siku 13 za kazi huzaa siku 1 ya malipo. Mwenye mshahara wa Sh 520,000, anayefanya kazi siku 6 kwa wiki, akifikisha siku 130, hudai siku 10. Mshahara hugawanywa kwa 26, hivyo anapata Sh 200,000. Mhasibu akigawanya kwa 30, anampunja takribani Sh 26,667.