Sehemu ya 1 kati ya 3: namna ya kutaja na kuhesabu sehemu za hati ndefu

Maana

Hati inapotumwa kwa vipande, kila kipande huhitaji mambo mawili: nafasi yake katika mfuatano, na idadi ya vipande vyote. Kishazi *sehemu ya 1 kati ya 3* hubeba yote mawili. Kishazi *sehemu ya 1* hubeba nafasi peke yake. Kwa anayepokea hati nzima tofauti hiyo ni ndogo. Kwa aliyefikiwa na sehemu ya kwanza tu, idadi ndiyo inayomjulisha kwamba kuna kitu hakijafika.

Kazi ya kihusishi *ya*

Nomino *sehemu* haibadiliki umbo katika wingi. Kwa hiyo *sehemu tatu* ni idadi, na *sehemu ya tatu* ni nafasi. Kinachozitenganisha ni *ya* peke yake. Katika majina ya faili, ambamo watu hufupisha, *ya* huwa ya kwanza kuangushwa. Faili iitwayo *Ripoti sehemu 3* yaweza kusomwa kwa njia mbili: ripoti yote yenye sehemu tatu, au kipande cha tatu cha ripoti hiyo. Mpokeaji aliyepata faili hiyo moja hana njia ya kuchagua.

Nomino za ngeli ya KI-VI hazina tatizo hili, kwa kuwa *kipande cha 3* na *vipande 3* hutofautiana tangu mwanzo wa neno. Anayelazimika kufupisha sana ni afadhali atumie *kipande*.

Vivyo hivyo, *sehemu 1 kati ya 3* si sawa na *sehemu ya 1 kati ya 3*. Ya kwanza husema kuwa hii ni moja miongoni mwa tatu, yoyote ile. Ya pili husema kuwa ndiyo inayotangulia. Mkwaju nao una hasara zake: *1/3* husomeka theluthi, au tarehe mosi Machi, na alama hiyo haikubaliki katika majina ya faili ya Windows.

Mfano

Tuchukue mfasiri aliyeko Pongwe, nje kidogo ya mji wa Tanga kwenye barabara ya kwenda Muheza. Amefasiri ripoti ya tathmini ya fidia ya ardhi yenye kurasa 112, na mteja wake yuko Dar es Salaam. Anaigawa mara tatu: kurasa 1–40 zina maelezo ya sheria na utaratibu, kurasa 41–80 zina majedwali ya wanaostahili kulipwa, yakiwa picha za skana, kurasa 81–112 zina muda wa kukata rufaa. Faili anaziita *Tathmini 1*, *Tathmini 2* na *Tathmini 3*.

Ya kwanza inafika, kwa kuwa ni maneno matupu na ni nyepesi. Ya pili ina MB 20, na seva ya mteja haipokei ujumbe unaozidi MB 25. Mtumaji anadhani amebaki ndani ya kikomo. Lakini kiambatisho cha barua pepe husimbwa upya kabla ya kusafiri, na kila baiti tatu huwa nne. MB 20 zinakuwa takribani 27. Ujumbe unakataliwa. Ya tatu, yenye skana za viambatanisho, inakataliwa kwa sababu hiyohiyo. Taarifa za kukataliwa hurudi kwa mtumaji, si kwa mpokeaji, na zikiangukia kwenye folda ya barua taka hakuna anayezisoma.

Mteja anafungua *Tathmini 1*. Ukurasa wa 40 unaishia kwa nukta, mwisho wa sura. Namba 1 katika jina anaichukulia kuwa toleo la kwanza, kisha anaihifadhi kama ripoti kamili. Majina ya wanaodai fidia hayajamfikia, wala tarehe ya mwisho ya rufaa, na hakuna neno lolote katika alichonacho linalomfanya aulize.

Kama faili ingeitwa hivi, angeuliza siku hiyohiyo:

```
Tathmini_sehemu-ya-01-kati-ya-03_uk-001-040.pdf
```

Desturi za zamani na za mitambo

Kutangaza jumla mapema si jambo geni. Msahafu hugawanywa juzuu 30, na katika hitima juzuu hizo hugawiwa wasomaji mbalimbali. Kwa kuwa kila mtu anajua ni thelathini, juzuu isiyo na msomaji hutambulika mara moja. Waandishi wa miswada ya kale ya hati za Kiarabu nao waliandika chini ya ukurasa neno litakaloanza ukurasa unaofuata. Neno hilo lisipokutana na mwenzake, karatasi imepotea au imepangwa vibaya.

Ujumbe mfupi wa simu hufuata kanuni kama hiyo. Ujumbe mmoja huchukua herufi 160. Unapozidi hukatwa vipande vya herufi 153, na nafasi inayobaki hubeba kitambulisho cha ujumbe, jumla ya vipande na namba ya kipande. Barua pepe ina kanuni yake ya kugawa ujumbe, katika RFC 2046 ya mwaka 1996, lakini humo jumla ni ya lazima kwenye kipande cha mwisho tu; katika vilivyotangulia inahimizwa, hailazimishwi. Huo ndio udhaifu wa *Tathmini 1*: habari inayohitajika zaidi imewekwa kwenye kipande ambacho huenda kisifike.

Matumizi yanayopendekezwa

1. Andika *Sehemu ya 1 kati ya 3* katika jina la faili, katika kichwa cha barua na juu ya ukurasa wa kwanza. Faili ikihamishwa bila barua yake, maelezo hubaki nayo.

2. Namba za kurasa ziendelee. Sehemu ya 2 ianze ukurasa wa 41, si wa 1, na kila ukurasa uoneshe jumla: *uk. 41 kati ya 112*.

3. Funga kila sehemu kwa maneno, hata inapoishia kwa nukta: *Mwisho wa sehemu ya 1. Inaendelea katika sehemu ya 2, uk. 41: Majedwali.* Ya mwisho ifungwe kwa *Mwisho wa hati*.

4. Sehemu zikifika kumi au zaidi, tumia tarakimu mbili: 01, 02. Bila sifuri, programu nyingi hupanga 10 kabla ya 2.

5. Gawa kwa uzito wa faili, si kwa idadi ya kurasa. Penye kikomo cha MB 25, sehemu isizidi MB 18.

6. Toleo na sehemu visishiriki namba. Andika *toleo la 2, sehemu ya 1 kati ya 3*. Sehemu ikiongezwa baadaye, jumla hubadilika katika zote, na zote hutumwa upya. *Sehemu ya 2A* huifanya jumla ya awali kuwa ya uongo.

Jumla isipojulikana

Mfasiri anayetuma kazi kadiri inavyokamilika hawezi kutaja jumla. Hapo hufaa *Sehemu ya 1 (itaendelea)*, kama magazeti yafanyavyo kwa hadithi za mfululizo, na mwishoni *Sehemu ya 4 na ya mwisho*. Njia hii ni dhaifu kuliko ya kwanza: humjulisha mpokeaji kwamba kuna zaidi, lakini haimwambii ni kiasi gani. Akipata ya 1, ya 2 na ya mwisho yenye namba 4, atajua kuwa ya 3 imekosekana. Akipata ya 1 pekee, ana neno *itaendelea* tu, nalo latosha kumfanya aulize.