Dakika ya Kwanza ya Mtoto Mchanga

Mtoto akizaliwa, mkunga humkausha kwa kitambaa kikavu na kumsugua mgongo. Akilia, hulazwa kifuani pa mama. Kitovu hubanwa baada ya dakika 1 hadi 3, ili damu iliyobaki kwenye kondo la nyuma imfikie.

Asiyepumua hasubiri. Kichwa hunyooshwa kidogo, kisha kabla dakika haijaisha hupuliziwa hewa kwa mfuko na barakoa, takriban mara 40 kwa dakika. Kifua kisipopanda, mara nyingi barakoa inavuja au shingo imepinda.

Alama za Apgar, alizobuni Daktari Virginia Apgar mwaka 1952, hutolewa dakika ya 1 na ya 5. Kuzingojea ndipo umpulizie ni hatari kubwa. Zikiwa chini ya 7 dakika ya 5, hurudiwa kila dakika 5 hadi ya 20.