Mbano Unaoachia na Mbano Unaobaki

Katika spirometri, istilahi inayowapotosha watahiniwa wengi ni ile ya njia za hewa kufunguka baada ya dawa. Napendekeza tuiite kuachia kwa mbano, kwa sababu mgonjwa mwenyewe husema kifua kimembana, kisha kimeachia. Ila kuachia kuna kiwango: kuachia kidogo si kuachia kabisa, na hapo ndipo pumu hutengana na ugonjwa sugu wa kuziba njia za hewa.

Chukua swali hili. Mama wa miaka 58, aliyepikia kuni tangu ujana na hajawahi kuvuta sigara, anakohoa na kuhema akipanda mlima kwa miaka kadhaa, na hali inazidi polepole. FEV1, yaani hewa anayoitoa katika sekunde ya kwanza, ni lita 1.20, FVC, hewa yote anayoitoa kwa nguvu, ni lita 2.40. Uwiano ni 0.50. Anavuta salbutamoli, anasubiri dakika 15, anapuliza tena: 1.42 kwa 2.50. FEV1 imepanda kwa mililita 220, asilimia 18. Aliyekariri kwamba ongezeko la asilimia 12 na mililita 200 ni pumu atajibu pumu, na atakosa. Uwiano baada ya dawa ni 0.57, bado chini ya 0.70. Mbano umelegea, haujaondoka. Kijana anayebanwa usiku, ambaye uwiano wake unatoka 0.64 hadi 0.79 baada ya dawa ileile, ndiye mwenye sura ya pumu.

Itasemwa kuwa pumu ya miaka mingi isiyotibiwa nayo huacha mbano wa kudumu, na kwamba mzee mzima wa afya huweza kushuka chini ya 0.70. Ni kweli, na ndiyo maana namba haisomwi bila historia: dalili zinazokuja na kupotea, mzio, au kuanza utotoni huelekeza kwenye pumu. Vilevile kipimo cha kawaida siku ambayo mgonjwa hana dalili hakiifuti pumu.

Kosa la hapa huishia kwenye dawa. Tangu 2019 mwongozo wa kimataifa wa pumu, GINA, hautaki mtu mzima atibiwe kwa salbutamoli peke yake. Unapendelea pampu yenye steroidi na formoteroli pamoja. Kumpa mwenye pumu kipanua njia za hewa cha muda mrefu bila steroidi ni hatari, kwani uvimbe unaendelea huku akijiona nafuu. Mama yetu, anayehema sana lakini hajawahi kuzidiwa ghafla, huanza na vipanua viwili vya muda mrefu, mfano tiotropiamu na formoteroli. Steroidi ya kuvuta kwake huongeza hatari ya nimonia, hivyo husubiri hadi azidiwe mara kwa mara, hasa eosinofili za damu zikifika 300 kwa maikrolita.